CV ya karatasi, picha ya simu na tarehe mbili: njia ipi inalipa?

Anayetafuta wafanyakazi Gatete, Burundi, awe chama cha ushirika cha mawese, shule ya binafsi au shirika linalohitaji wakusanya takwimu, siku hizi hupokea CV kwa picha. Mwombaji ana karatasi iliyochapwa sekretariati ya Rumonge miaka kadhaa iliyopita. Anaitandaza mezani, anaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Kwa mpokeaji kuna jedwali lenye safu zake: shule, cheti, lini alianza, lini alimaliza, kisha mwajiri, cheo, lini alianza, lini aliacha. Kuitoa habari kwenye picha na kuiingiza katika safu hizo ni kazi, na kazi hiyo ina bei.

Njia ni nne: kuchapa kwa mkono, kutumia kisoma-maandishi cha bure kilicho kwenye simu, kuweka programu ya bure kwenye kompyuta, au kulipia huduma ya mtandaoni. Wauzaji na wapenzi wa kompyuta huzilinganisha kwa kuuliza ipi inasoma herufi vizuri zaidi. Swali hilo halimsaidii sana mnunuzi, kwa sababu kusoma herufi zilizochapwa kumekuwa karibu bure. Kinachogharimu ni tarehe. Mashine inaweza kusoma kila tarakimu sawasawa na bado ikakupa miaka ya kazi ambayo mtu hakuifanya.

Karatasi ya majaribio

Hii hapa CV ya kutungwa, ila kila mstari wake ni wa aina inayokutwa upande huu wa Ziwa Tanganyika, ambako wengi walisoma ukimbizini Tanzania kabla ya kurudi:

```
2001-2007 : École primaire, camp de Mtabila
2009-2012 : Form I - Form IV, Kigoma
2013-2016 : Lycée pédagogique, Rumonge. Diplôme D7
2017-2018 : Enseignant, ECOFO, Gatete
Depuis le 02/09/2019 à nos jours : Agent commercial, huile de palme
Fait à Rumonge, le 14/06/2021
```

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Yote miwili ina miaka minne ikihesabiwa kwa vidole: 2009 mpaka 2012, 2013 mpaka 2016. Lakini mwaka wa shule wa Burundi huanza Septemba na kumalizika katikati ya mwaka unaofuata, na wa Tanzania huanza Januari na kumalizika mwishoni mwa mwaka uleule. Kwa hiyo `2013-2016` ya Rumonge ni miaka mitatu ya masomo, Septemba 2013 hadi kati ya 2016, na `2009-2012` ya Kigoma ni miaka minne, Januari 2009 hadi Novemba 2012. Ukaguzi wake uko kwenye karatasi yenyewe: Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ni madarasa manne, na madarasa manne hayaingii katika miaka mitatu. Mashine iliyofungwa kwenye kanuni moja ya kalenda itakosea mstari mmoja kati ya hiyo miwili, na haitakuonya.

Mstari wa nne ni mgumu zaidi. `2017-2018` ya mwalimu inaweza kuwa mwaka mmoja wa shule, yaani kama miezi kumi. Inaweza pia kuwa Januari 2017 hadi Desemba 2018, miezi 24. Karatasi haisemi. Jibu sahihi ni kuandika mwaka peke yake pande zote mbili, kuacha mwezi wazi, na kumpigia mwombaji simu kama nafasi inadai muda fulani wa kufundisha. Anayejaza mwezi kwa kubahatisha amemwongezea au amempunguzia mtu zaidi ya mwaka mmoja.

Mstari wa tano ndio unaotoa au kunyima kazi. `02/09/2019` kwa anayeandika Kifaransa ni tarehe 2 Septemba. Programu iliyozoea mtindo wa Marekani itaisoma 9 Februari. Kuna pia `à nos jours`, yaani hadi leo, lakini leo ya nani? Tuseme tangazo linadai uzoefu wa miaka miwili katika biashara. Ukihesabu kutoka 2 Septemba 2019 hadi siku karatasi ilipotiwa saini, 14 Juni 2021, unapata miezi 21 na siku chache: hajafika. Ukihesabu kutoka 9 Februari unapata miezi 28: amepita. Na ukiichukua leo kuwa siku unayoisoma picha, kila mwaka unaopita unamzidishia uzoefu hata kama aliacha kazi wiki moja baada ya kutia saini.

Ufunguo uko kwenye mstari wa mwisho. `Fait à Rumonge, le 14/06/2021` inakupa siku ambayo "leo" iliandikwa. Inakupa pia mpangilio wa tarehe: hakuna mwezi wa 14, kwa hiyo mwandishi huyu huanza na siku, na `02/09` yake inasomwa hivyohivyo. Mstari huo huwa chini kabisa ya ukurasa, chini ya saini, na ndio mtu anaoukata kwanza akijaribu kuiingiza karatasi ndani ya kioo cha simu. Kabla ya kulipia njia yoyote, dai picha inayoonyesha pembe zote nne za karatasi.

Gharama ya kwanza ni picha

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Kamera ya megapikseli 8 hutoa picha ya pikseli 3264 kwa 2448. Karatasi ikijaza picha, unapata takriban nukta 280 kwa kila inchi, na programu za kusoma maandishi hufanya kazi vizuri zikikaribia 300. Tarakimu iliyochapwa kwa ukubwa wa pointi 12 inapata kimo cha pikseli 30 hivi, na tumbo la 3 halichanganyiki na la 8.

Picha hiyo ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na upande wake mrefu mara nyingi huteremka hadi pikseli 1600 hivi. Nukta zinashuka kuwa 137 kwa inchi na tarakimu inabaki na pikseli 15. Hapo ndipo 2013 inageuka 2018 na `juin` inageuka `juil`. Dawa haina gharama yoyote isipokuwa data kidogo zaidi: mwombaji aitume kama hati, si kama picha, na faili itafika ilivyo. Apige karibu na mlango au dirisha mchana, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila mweko, kwa kuwa mweko huacha doa jeupe kwenye karatasi iliyowekewa plastiki.

Muhuri una tatizo lake. Nakala iliyopigwa muhuri wa zambarau juu ya tarehe haisomeki na mashine yoyote kati ya hizi kwa uhakika. Hiyo ichapwe na mtu.

Njia ya kwanza: kuchapa kwa mkono

Tuseme CV ina mistari minane ya masomo na kazi, kila mmoja maneno kumi. Mchapaji wa maneno 25 kwa dakika anaimaliza kwa dakika tatu hadi nne. Ongeza dakika mbili za kukagua tarehe. CV 60 zinakula saa sita, siku moja ya kazi. Kwa sekretariati, mwambie mwenye duka mapema kwamba unataka jedwali na si nakala ya CV, maana bei ya kwa ukurasa haikufai: huhitaji anwani, lugha na burudani za mwombaji zichapwe upya. Patana kwa CV moja au kwa siku.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba mtu wa Rumonge anajua mambo ambayo mashine haijui. Anajua ECOFO ni shule ya msingi ya mfumo mpya, na kwamba D6, D7 na A2 ni ngazi za vyeti na si namba za madarasa wala ukubwa wa karatasi. Anasoma 1 ya mkono yenye mkia mrefu ambayo mashine huiona kama 7. Anazijua Nyakanga na Gitugutu kuwa Septemba na Oktoba, mwombaji akiamua kuandika miezi kwa Kirundi.

Hatari yake ni uchovu na faili zinazobaki. CV ina namba ya kitambulisho, simu na majina ya wazazi. Ikichapwa kwenye kompyuta ya duka, baki mpaka ifutwe.

Njia ya pili: kisoma-maandishi cha simu

Google Lens kwenye Android, au kipengele cha kunakili maandishi kwenye picha katika simu za iPhone, hukuruhusu kugusa picha, kuchagua maandishi na kuyabandika kwenye jedwali. Gharama ni data tu. Kwa karatasi iliyochapwa na kupigwa picha vizuri, herufi hutoka safi.

Inapovunjika ni kwenye CV zenye safu mbili, tarehe kushoto na maelezo kulia. Mara nyingi zinatoka tarehe zote kwanza zikiwa zimepangana, kisha maelezo yote. Kama kuna mstari mmoja usio na tarehe, zote zilizo chini yake zinasogea hatua moja na kila mtu anapewa miaka ya kazi nyingine. Kosa hili halionekani kwa jicho la haraka kwa sababu kila tarehe ni ya kweli. Imekaa tu mahali pasipo pake. Jipime hivi: hesabu tarehe, hesabu shughuli, kisha linganisha ya kwanza na ya mwisho kwenye picha. Ya mwisho ikiwa sahihi, za katikati kwa kawaida ziko sawa.

Muda unaookolewa si mkubwa kama inavyodhaniwa. Kuchapa kunashuka kutoka dakika nne hadi mbili, lakini dakika mbili za kukagua tarehe zinabaki palepale. CV 60 zinachukua saa nne badala ya sita.

Njia ya tatu: programu ya bure kwenye kompyuta

Tesseract ni programu huria iliyoanzia kampuni ya HP katika miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na toleo lake la nne la mwaka 2018 lilileta usomaji bora zaidi. Ikishawekwa, inafanya kazi bila mtandao, jambo la maana pale data inapokuwa ghali au umeme na mtandao vinapokatika pamoja. CV haitoki kwenye kompyuta yako. Amri yake ni fupi:

```
tesseract cv.jpg cv -l fra --psm 4
```

Sehemu ya `-l fra` inaiambia lugha ni Kifaransa. Kwa karatasi iliyochanganya na Kiswahili andika `fra+swa`. Kirundi hakimo katika lugha zake. `--psm 4` inaiambia ichukue ukurasa kama safu moja yenye maandishi ya ukubwa tofauti, jambo linalosaidia tarehe zisitengane na maelezo. Maandishi ya mkono haiyawezi.

Lakini inakupa maandishi tu. Kuyagawa katika safu za kuanza na kuisha ni lazima mtu aandike kanuni: huu ni mwaka, hii ni `depuis`, hii ni kalenda ya Tanzania. Tuseme kijana anayejua kompyuta anazitengeneza kwa siku mbili, saa 16, yaani dakika 960. Kama kanuni hizo zinakuokolea dakika mbili kwa kila CV, utarudisha muda wako ukifika CV ya 480. Kwa shirika linalopokea zaidi ya 500 kila mwaka, inalipa. Kwa nafasi moja ya ualimu, hapana.

Njia ya nne: huduma ya kulipia

Bei zilizotangazwa ni ndogo kiasi cha kushangaza. Google Cloud Vision husoma picha 1,000 za kwanza kila mwezi bure, kisha dola 1.50 kwa kila 1,000. Amazon Textract hutoza dola 1.50 kwa kurasa 1,000 za kusoma maandishi, na dola 15 kwa kurasa 1,000 ukitaka itambue majedwali. CV 60 za kurasa mbili ni kurasa 120: senti 18 za dola kwa maandishi, au dola 1.80 kwa majedwali. Kikwazo cha Gatete ni namna ya kulipa. Akaunti hizo zinadai kadi ya benki inayokubalika kimataifa, hata kwa sehemu ya bure, na Lumicash haifui dafu hapo.

Juu ya hizo kuna huduma zinazouzwa kwa ajili ya CV hasa. Unapakia picha, unarudishiwa safu zilizojazwa. Hizi ndizo za kuziangalia kwa makini zaidi, kwa sababu zimejengwa ili zisiache safu tupu. Karatasi ikisema `2017-2018`, nyingine hurudisha `2017-01-01` na `2018-12-31`, na ile miezi kumi ya mwalimu imekuwa 24 bila mtu kuamua. Dalili ni rahisi kuiona: panga jedwali kwa safu ya kuanza. Ukikuta `-01-01` nyingi mfululizo, mashine imejaza yenyewe. Kabla ya kulipa, ipe karatasi ya majaribio iliyo hapo juu na uone inafanya nini na `à nos jours`, na `02/09/2019`, na Kidato cha Nne.

Kwa muhtasari

| Njia | Fedha | Muda kwa CV | Inakosea wapi |
|---|---|---|---|
| Kuchapa kwa mkono | Ya kupatana | Dakika 6 | Uchovu; faili kubaki dukani |
| Simu | Data tu | Dakika 4 | Safu mbili. Tarehe kusogea |
| Tesseract | Bure | Dakika 4; 2 baada ya kutengeneza kanuni | Mkono, muhuri, saa 16 za maandalizi |
| Kulipia | Senti hadi dola chache. Kadi ya benki | Dakika 2 | Kujaza miezi isiyoandikwa |

Dakika mbili za kukagua zimo katika kila hesabu. Huduma inayodai kuziondoa inauza kitu ambacho haina.

Jedwali lenyewe lijengwe hivi

Njia yoyote utakayochagua, kila shughuli iwe na safu ya maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi, kisha safu za tafsiri yako:

```json
{
  "iliyoandikwa": "2009-2012 : Form I - Form IV",
  "startDate": "2009-01",
  "endDate": "2012-11",
  "mwezi": "umekisiwa: kalenda ya Tanzania"
}
```

Majina `startDate` na `endDate` yanatoka katika muundo huria wa JSON Resume, unaokubali mwaka peke yake (`2017`), au mwaka na mwezi (`2009-01`), bila kukulazimisha kutaja siku. Kazi inayoendelea iachwe bila `endDate`, na tarehe ya kutiwa saini iwekwe katika safu yake. Ukitumia Excel, badilisha kwanza safu za tarehe ziwe za maandishi, la sivyo `2009-01` uliyoandika itageuzwa kuwa siku kamili, tarehe mosi ya mwezi, na utakuwa umejifanyia mwenyewe lile kosa linalokufanya uikimbie huduma ya kulipia.

Jina la mkoa lisisahihishwe. Gatete ilikuwa mkoa wa Bururi, mwaka 2015 ikaingia mkoa mpya wa Rumonge, na tangu mgawanyo wa 2025 iko Burunga. Mtu mmoja aliyekaa palepale anaweza kuwa na CV tatu zenye mikoa mitatu, zote za kweli. Tena tofauti hiyo inakagua tarehe: karatasi inayotaja mkoa wa Rumonge haikuchapwa kabla ya 2015, hata kama mstari wa saini umefutika na mashine inasema 2012.

Chagua hivi

Kama CV zako hazifiki 50, chapa kwa mkono au tumia simu, na fedha ambayo ungetafutia kadi ya benki inunue muda wa maongezi wa kuwauliza waombaji miezi iliyokosekana. Kati ya 50 na 500, tumia simu kwa CV za safu moja, na zenye safu mbili, muhuri au mkono mpe mchapaji. Ukivuka 500 kwa mwaka, tengeneza kanuni za Tesseract ikiwa unaye kijana wa kuzitunza; ikiwa huna, lipia huduma ya kusoma maandishi tu, ile ya dola 1.50, na uwaachie watu wako kugawa tarehe. Huduma inayojaza safu yenyewe inunue siku itakapokurudishia `2017-2018` kama ilivyoandikwa.